Nani Asemaye “Sisi”? Utungo wa Ahadi wa Baraza la Wanafunzi

Katika tungo za Kiswahili zilizozuka shuleni, uko utungo mmoja mfupi ambao haujaandikiwa mengi, nao ni ule usomwao siku baraza jipya la wanafunzi linapotoa hotuba yake ya kwanza. Msemaji wa baraza husimama mbele ya wenzake waliompigia kura, husema maneno machache ya kuahidi utumishi, na wenzake humwitikia kwa sauti moja. Utungo huo hauna budi kuwa mwepesi, kwa kuwa waitikiaji hawakupewa nafasi ya kuufanyia mazoezi. Hausomwi kitabuni bali hudakwa kwa sikio papo hapo uwanjani. Lakini wepesi huo una mitego, na mtego ulio mkubwa kuliko yote haumo katika vina wala mizani, bali katika nafsi ya kitenzi.

Jambo hili si la mapambo matupu. Nchini Kenya, baada ya migomo mingi ya shule za sekondari ya mwaka 2008, shule zilihimizwa tangu mwaka 2009 ziwe na mabaraza yanayochaguliwa na wanafunzi wenyewe kwa kura, badala ya viranja walioteuliwa na walimu. Kiranja aliyeteuliwa na mwalimu alidaiwa na mwalimu. Mjumbe aliyechaguliwa kwa kura hudaiwa na wenzake, na deni hilo hutamkwa kwa mara ya kwanza katika hotuba ya kwanza. Ikiwa utungo wa siku hiyo umetungwa vibaya, wanafunzi huondoka uwanjani wakiwa wamepiga kelele nyingi na hawana ahadi hata moja ya kudai. Makala haya yanaeleza namna utungo wa aina hiyo unavyoundwa, na mfano wake umetungwa kwa ajili ya maelezo haya, ukichukua hali ya shule ya bweni.

Uchaguzi wa bahari

Mtungaji anayelijua shairi la kawaida huelekea kulichagua hilo kwanza: mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane katika ukwapi na nane katika utao. Hizo ndizo kanuni alizozieleza Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi, na ndizo zinazofundishwa shuleni hata leo. Shairi la namna hiyo hulifaa sikio lililotulia. Halifai umati uliosimama juani, kwa sababu mizani kumi na sita ni mingi mno kushikwa kwa kusikia mara moja. Msikilizaji hufika mwisho wa utao hali ameusahau ukwapi.

Utenzi hulifaa jambo hili zaidi. Vipande vyake vina mizani minane minane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachorudi katika kila ubeti mpaka mwisho wa utungo. Mtungaji wa utungo wa ahadi anaweza kuligeuza umbo hilo kidogo tu na kulifanya la kuitikiana: msemaji asome vipande vitatu, na kipande cha nne, kisichobadilika hata neno, kiwe cha umati. Jambo hili si geni katika lugha. Nyimbo za kazi na za ngoma zina kiongozi na waitikiaji, na ngonjera alizozieneza Mathias Mnyampala wa Dodoma katika miaka ya 1960 ziliwazoesha wanafunzi wa Tanzania kusemezana kwa shairi mbele ya hadhara. Tofauti ni kwamba katika ngonjera pande zote mbili zina maneno mengi ya kusema, na wasemaji wote wameyakariri kabla. Katika utungo wa ahadi upande mmoja una kipande kimoja tu, na kipande hicho hufundishwa kwa kutajwa mara mbili kabla utungo haujaanza.

Mizani na mkazo

Mtungaji akishapata mizani minane katika kila kipande, hudhani kazi ya sauti imekwisha. Kwa shairi linaloimbwa kwa mahadhi, huenda imekwisha kweli, kwa maana mwimbaji anaweza kuivuta silabi moja na kuifupisha nyingine apendavyo. Lakini umati usio na mahadhi hutamka kwa pigo, na pigo la Kiswahili hufuata mkazo wa neno, ambao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kanuni za vina na mizani haziulizi mkazo umeanguka wapi. Umati huuliza, ijapokuwa haujui kwamba unauliza.

Chukua kipande hiki, ambacho ni cha aina isikikayo mara nyingi: “Huduma bora daima”. Mizani yake ni minane kamili. Sasa apigwe kofi msomaji katika mizani ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, kama umati upigavyo. Mkazo wa “huduma” uko katika mizani ya pili, na wa “bora” uko katika ya nne. Yote miwili huangukia katikati ya makofi. Mkazo wa “daima” uko katika ya saba, nao pekee ndio unaokutana na kofi. Matokeo yake ni kwamba nusu ya watu hufuata kofi na kusema “hú-duma”, nusu hufuata neno na kuliacha kofi, na kipande huvunjika kabla ya kufika mwisho.

Kanuni inayotokana na hayo ni nyepesi. Neno la silabi mbili au nne likianzia katika mizani ya witiri, yaani ya kwanza, ya tatu au ya tano, mkazo wake huangukia mizani ya witiri pia, na kofi hulikuta. Neno la silabi tatu likianzia hapo, mkazo wake huangukia mizani ya shufwa na kofi hulikosa. Dawa yake ni kulitangulizia neno la silabi moja, kama “ni”, “na”, “kwa” au “si”. “Huduma” peke yake huvunja pigo. “Kwa huduma” hulitengeneza. “Mwalimu” huvunja, “kwa mwalimu” hutengeneza.

Hata methali inayomjia kila mtungaji akilini siku hiyo, “Ahadi ni deni”, haiingii katika kipande bila kufanyiwa kazi. Ina mizani sita, na mikazo yake iko katika ya pili na ya tano. Ina pigo lake yenyewe la silabi tatu tatu, na ndiyo sababu inakaa vizuri kinywani ikiwa peke yake. Mtungaji akiijaza na kusema “Ahadi kweli ni deni” amepata mizani minane, lakini mikazo miwili ya mwanzo imekwenda kando ya kofi. Akisema “Na ahadi huwa deni” mikazo inakaa mahali pake, ila “na” na “a” ya mbele yake huungana katika midomo ya watu wengi wanaosema haraka, na mizani moja humezwa. “Ni ahadi, ndiyo deni” husalimika, kwa sababu “i” na “a” haziungani.

Upande wa pili wa jambo hili ni neno refu. “Tutawahudumieni” lina silabi nane na linajaza kipande kizima, na mkazo wake mmoja uko katika mizani ya saba, panapostahili. Hakuna kosa la pigo. Lakini makofi matatu ya kwanza hayakuta kitu cha kushika, na umati hukimbia juu ya silabi sita kana kwamba unashuka mlima. Kipande chenye mikazo miwili au mitatu hubebeka kuliko chenye mmoja.

Nafsi ya kitenzi

Baada ya sauti huja jambo zito zaidi. Msemaji akisema “Tutalifagia bwalo”, na umati ukafundishwa kurudia “Tutalifagia bwalo”, ni nani aliyeahidi? Kwa sarufi, kila aliyesema. Kiambishi “tu-” cha Kiswahili hakibagui. Ziko lugha duniani zenye maneno mawili ya “sisi”: Kimalei, kwa mfano, hutumia “kita” pale msikilizaji anapohesabiwa ndani, na “kami” pale anapoachwa nje. Kiswahili hakina ubaguzi huo. Atakaye kubagua hana budi kuongeza maneno, kama “sisi wajumbe” au “sisi na nyinyi”.

Katika mazungumzo ya kawaida upungufu huo haudhuru, kwa kuwa mahali na macho ya msemaji hueleza. Katika kuitikiana hudhuru sana. Ahadi ikitoka kinywani mwa mjumbe mmoja na kurudiwa na vinywa mia tano, huhama mwenyewe. Waliokuwa wadai wamekuwa wadaiwa pamoja na wadaiwa wao, na deni linalodaiwa na kila mtu halidaiwi na mtu yeyote. Bwalo lisipofagiwa, mjumbe anaweza kujibu, na sarufi itamsaidia: “Tulisema sote.”

Kwa hiyo kiitikio cha utungo wa ahadi kisiwe marudio ya ahadi, bali kiwe ushahidi wa ahadi. Umati useme kwa nafsi yake wenyewe, na uwataje wajumbe kwa nafsi ya pili. Kipande kilichochaguliwa kwa mfano huu ni “Mmesema, tumeshika”. Mizani yake ni minane, minne kila upande, na mikazo yake iko katika ya tatu na ya saba. “Mmesema” huwaweka wajumbe upande wa pili. “Tumeshika” huwaweka wanafunzi upande wa kwanza. “Tu-” ya kiitikio si “tu-” ya msemaji, na kiambishi “m-” kilichotangulia ndicho kinachoweka mpaka kati yao. Neno “kushika” nalo limechaguliwa badala ya “kusikia” kwa sababu mbili: “tumesikia” lina silabi tano na huleta mizani tisa, tena anayesikia aweza kusahau, lakini aliyeshika neno analo mkononi. Wakati wa “-me-” hukamilisha maana hiyo, kwa kuwa huonyesha tendo lililokwisha ambalo hali yake inaendelea. Waliosema “tulishika” wangaliweza kuwa wamekwisha kuachilia.

Yaliyomo katika ahadi

Kitenzi kimoja huharibu tungo hizi kuliko vingine, nacho ni “tutajitahidi”. Kwa umbo ni ahadi, kwa maana si ahadi, kwa kuwa hakuna siku ambayo mtu aweza kuthibitisha kwamba mwenzake hakujitahidi. Ahadi inayoweza kushikwa ina tendo linaloonekana kwa macho, mahali pake, na siku yake. Vitatu hivyo vikipatikana, wepesi wa lugha hujitokeza wenyewe, kwa maana majina ya matendo, ya mahali na ya siku ni maneno ya kila siku.

Lakini ahadi lazima pia iwe ndani ya uwezo wa mwahidi. Baraza la wanafunzi halinunui chakula wala halipangi karo. Mambo hayo ni ya wasimamizi wa shule. Lina uwezo wa kusikiliza, kupeleka neno, kuleta jibu, kusimamia zamu na kujizuia lenyewe lisijipendelee. Mtungaji anayeandika “Chakula tutaongeza” amefanya makosa mawili kwa pamoja: ameahidi asichokuwa nacho, na mkazo wa “chakula” umeangukia mizani ya pili. Akisema “Kwa chakula tutasema”, yaani kuhusu chakula watasema, pigo limepona, na ahadi nayo imepona, kwa kuwa kusema ni jambo walilo na uwezo nalo. Makosa ya sauti na ya maana hayaendi pamoja daima, lakini yanapotokea pamoja hivi, anayelisahihisha la kwanza hupata nafasi ya kuliona la pili.

Mfano

Utungo ufuatao una beti sita. Vipande vitatu vya kila ubeti ni vya msemaji, na cha nne ni cha umati.

Mmepiga kura zenu,
Tuko hapa mbele yenu,
Watumishi, watu wenu:
— Mmesema, tumeshika.

Kila bweni tutapita
Jumamosi, saa sita,
Neno lenu kulipata:
— Mmesema, tumeshika.

Ofisini tutasema,
Na majibu tutasoma
Ijumaa, wote wima:
— Mmesema, tumeshika.

Tukinyimwa tutanena:
Ndiyo, au ni hapana;
Si kusema “tutaona”:
— Mmesema, tumeshika.

Kwenye bwalo na bombani,
Sisi pia folenini;
Hatupiti ubavuni:
— Mmesema, tumeshika.

Tukikosa, mtuite
Mbele yenu, sisi sote;
Mtuhoji, msisite:
— Mmesema, tumeshika.

Ubeti wa kwanza ulitaka kusahihishwa kabla ya kuwa ulivyo. Kipande chake cha kwanza kingeweza kuwa “Kura zenu mmetupa”, chenye mizani minane na mikazo mahali pake. Mtungaji angekuwa na maana ya kwamba wanafunzi wamewapa wajumbe kura zao. Lakini “mmetupa” ni maneno mawili yenye sura moja: “mme-tu-pa”, mmetupa sisi, na “mme-tupa”, mmetupa jalalani. Mkazo ni mmoja, herufi ni zile zile, na hakuna njia ya kuyatenga kwa kutamka. Mbele ya umati wa vijana, maana ya pili ndiyo ingesikika kwanza, na kicheko kingeuua utungo katika kipande chake cha mwanzo. “Mmepiga kura zenu” ni maneno ya kawaida kabisa, na ukawaida wake ndio usalama wake.

Ubeti wa pili na wa tatu ni ahadi moja iliyogawanywa. Neno linakusanywa bwenini Jumamosi saa sita mchana, linapelekwa ofisini, jibu linasomwa Ijumaa inayofuata, wanafunzi wote wakiwa wamesimama gwarideni. Kati ya kukusanya na kujibu kuna siku sita, nazo zinahesabika kwa vidole. Mwanafunzi asiyesikia jibu Ijumaa anajua kwamba ahadi imevunjwa, na hahitaji kuulizwa ajuaje. Maneno “wote wima” yanafanya kazi mbili: yanataja gwaride bila kulitaja jina, na yanakipa kipande mikazo mitatu, ya tatu, ya tano na ya saba, ambayo huwapa wasemaji mwendo wa kumalizia.

Ubeti wa nne ndio unaolipa baraza mipaka yake. Wajumbe hawaahidi kwamba watapewa. Wanaahidi kwamba wakinyimwa watasema wamenyimwa. Neno “tutaona” limewekwa hapo kwa kusudi, kwa kuwa ndilo jibu linalotolewa na mtu asiyetaka kukubali wala kukataa. Baraza linalolitaja hadharani kwamba halitalitumia limejifungia mlango wa kutokea.

Ubeti wa tano unahusu tendo la baraza lenyewe. Manung’uniko ya zamani juu ya viranja yalikuwa mara nyingi ya namna hii: hupita mbele ya foleni ya chakula na ya maji. Kipande “Hatupiti ubavuni” ni ukanusho unaobeba ahadi. Ukanusho mwingi huchosha umati na kuufanya utungo uwe wa kujitetea. Mmoja, ukiwekwa penye lalamiko lenyewe, hupokelewa kwa nguvu kuliko vipande vingine vyote.

Katika ubeti wa mwisho “sisi sote” laweza kudhaniwa kuwa na shaka ile ile ya nafsi iliyoelezwa hapo juu. Shaka hiyo imezuiwa na “mbele yenu”, kwa kuwa wanaosimama mbele ya wengine hawawezi kuwa ndio hao wengine. Kisha umati unaposema “Mmesema, tumeshika” kwa mara ya sita, maneno yamebaki yale yale lakini maana imeongezeka. Katika ubeti wa kwanza ni makaribisho. Katika ubeti wa sita, baada ya “mtuhoji”, yana ukali kidogo. Kiitikio kizuri hakibadiliki maneno, ila hubadilishwa na kinachokitangulia.

Kasoro na namna ya kuzitambua

Utungo uliosahihishwa mezani unaweza bado kushindwa uwanjani. Kasoro ya kwanza hutokea katika silabi ya kwanza ya kiitikio. Herufi “m” ya mwanzo wa “mmesema” ni silabi kamili, na hutamkwa kwa kufumba midomo kwa muda wa mizani moja kabla ya “me”. Umati usioandaliwa huimeza “m” hiyo na kusema “mesema”, na kiitikio hubaki na mizani saba. Dalili yake husikika mara moja: kofi la kwanza hupigwa bila sauti, kisha watu hufika mwisho kwa nyakati mbili. Msemaji anayejua jambo hili huanza kwa kufumba midomo yeye mwenyewe mbele ya watu na kuinua mkono, ili “m” ianze pamoja.

Kasoro ya pili ni pumzi. Msemaji akiharakisha kipande cha tatu, umati hauna nafasi ya kuvuta pumzi na kiitikio hutoka kikiwa dhaifu. Kipande cha tatu kisomwe kwa mwendo wa vile viwili vya kwanza, kisha iachwe nafasi ya kofi moja tupu. Utungo mzima una vipande ishirini na vinne, na ukisomwa hivyo unachukua dakika moja na kidogo. Beti zaidi ya nane huanza kuuzoesha umati kiitikio kiasi cha kukisema bila kusikiliza kilichosemwa, na hapo ushahidi hugeuka kelele.

Kasoro ya tatu haionekani siku ile ile. Ni utungo uliopendwa na kusahauliwa. Ili kuitambua mapema, mtungaji awasomee utungo wake watu watatu au wanne wasioujua, mara moja tu, kisha kesho yake awaulize wameahidiwa nini. Wakimwambia “mmesema mtatutumikia vizuri”, utungo haujawa na ahadi ndani yake, hata kama vina vyake ni safi. Wakimwambia “Jumamosi mabwenini, Ijumaa majibu”, utungo umefanya kazi yake, na vina na mizani vimekuwa kile vilivyokusudiwa kuwa tangu zamani, yaani kamba ya kufungia neno lisipotee.

Kanuni hizi zina mpaka wake. Zinahusu utungo unaotamkwa kwa pigo na watu wengi bila mahadhi. Shairi litakalosomwa na mtu mmoja kwa sauti ya kuimba, kama ilivyo desturi ya pwani, halidaiwi mikazo ikae katika mizani ya witiri, na kulipima kwa kipimo hicho ni kulionea. Kadhalika, utungo wa kuomba kura haufuati kanuni ya nafsi iliyoelezwa hapa, kwa kuwa siku ya kuomba kura mgombea hutaka wasikilizaji wajihesabu ndani ya “sisi” yake. Siku ya hotuba ya kwanza hutaka kinyume chake. Kura zimekwisha kuhesabiwa, na aliyechaguliwa amejitenga na waliomchagua kwa ule wajibu wenyewe aliopewa. Kiswahili hakina kiambishi cha kuonyesha utengano huo. Mtungaji ndiye anayepaswa kuuonyesha, kwa kuwapa waliochagua kipande chao wenyewe cha kusema.